Chumvi Mbadala ya Potasiamu: Ladha Yake, Hesabu Yake, na Wagonjwa Wasiopaswa Kuigusa

Watu wengi wenye presha hapa Dodoma huijua chumvi mbadala kwa njia ya zawadi. Mtoto anayefanya kazi Dar es Salaam au nje ya nchi husikia kwamba daktari amemkataza mama chumvi, naye huleta kopo lenye mchoro wa moyo na maneno ya kuahidi kwamba sodiamu imepunguzwa. Ahadi hiyo kwa kawaida ni ya kweli. Jambo ambalo kopo halilisemi kwa sauti ni kwamba mahali pa sodiamu iliyoondolewa pamejazwa potasiamu, na kwamba mgonjwa anayeletewa zawadi hiyo mara nyingi ndiye yule yule ambaye figo zake au dawa zake hazimruhusu kuitoa potasiamu hiyo mwilini. Mwongozo huu unafuata kopo hilo tangu linapofika mezani hadi uamuzi wa kulitumia au kuliweka kando, na unakaa zaidi kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa mbili au tatu kwa pamoja, kwa sababu kwake ndiko kosa hutokea kwa urahisi.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo ndani ya kopo

Chumvi ya kawaida ya mezani ni kloridi ya sodiamu, na chumvi mbadala ni kloridi ya potasiamu, ama peke yake au ikiwa imechanganywa na ile ya kawaida. Kwenye orodha ya viambato tafuta herufi KCl, namba E508, au neno lolote linaloanza na “potas”. Ukiona mojawapo, unayo chumvi ya potasiamu mkononi, hata kama mbele ya kopo pameandikwa tu kwamba ni chumvi ya afya. Chumvi ya mawe ya rangi ya waridi, ambayo wengine huinunua kwa bei kubwa wakidhani ni mbadala, haimo katika kundi hili, kwa kuwa karibu yote ni kloridi ya sodiamu kama ile ya Uvinza au ya pwani.

Baada ya kujua kwamba potasiamu imo, tafuta kiasi chake. Makopo mengi huandika gramu za potasiamu katika kila gramu 100. Iwapo imeandikwa asilimia ya kloridi ya potasiamu peke yake, zidisha asilimia hiyo kwa 0.52, kwa sababu zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa kloridi ya potasiamu ndiyo potasiamu yenyewe. Mchanganyiko wenye robo tu ya kloridi ya potasiamu utakupa takribani gramu 13 za potasiamu kwa kila gramu 100, ule wenye theluthi mbili utakupa kati ya 34 na 35, na kopo la kloridi ya potasiamu tupu litakupa 52. Makopo matatu yanaweza kufanana kwa sura na yakatofautiana mara nne kwa nguvu, na ndiyo maana ushauri wa jirani kwamba “mimi natumia na sijadhurika” hauna maana mpaka ujue anatumia lipi.

Ladha, na jinsi ladha inavyomdanganya mpishi

Mtu mwenye figo nzima na asiyetumia dawa zitakazotajwa hapa chini anaweza kujifunza mengi kwa kuonja. Koroga chembe chache, robo ya kijiko cha chai isiyojaa, katika glasi ya maji ya uvuguvugu, na katika glasi ya pili fanya hivyo hivyo kwa chumvi ya kawaida. Chumvi ya kawaida hukolea ulimini na kuondoka. Ya potasiamu huanza kwa ukolevu unaofanana na huo, ila hafifu zaidi, kisha baada ya sekunde chache huja uchungu nyuma ya ulimi pamoja na ladha ya chuma, kama mtu aliyeweka sarafu mdomoni, na ladha hiyo hukaa hata baada ya kumeza. Si kwamba kopo limeharibika, kwani potasiamu yenyewe huziamsha pia sehemu za ulimi zinazotambua uchungu, na jinsi kiasi kinavyoongezeka ndivyo uchungu unavyoushinda ukolevu. Watu hawalingani katika jambo hili. Katika nyumba moja mmoja atakula bila kutambua, na mwingine ataweka kijiko chini baada ya tonge la kwanza.

Katika chakula uchungu huo hujificha au kujitokeza kulingana na kilichopo pembeni yake. Wali mweupe, uji na maharage ya kuchemsha tu huufichua mapema. Mchuzi wenye nyanya, kitunguu kilichokaangwa vizuri, kitunguu saumu, pilipili na ndimu huufunika, hasa kwa sababu uchachu huushughulisha ulimi. Kwa ulimi wangu, mlenda mtupu ndicho chakula kinachoiumbua chumvi hii kuliko vyote, lakini mlenda uleule ukiungwa kwa karanga husamehe. Wapishi walioizoea huitia mwishoni, chungu kikiwa kimeepuliwa, kwa kuwa kiasi kidogo kilichobaki juu ya chakula huonekana zaidi kuliko kiasi kikubwa kilichozama.

Hatari ya kwanza inaanzia hapa jikoni. Kwa kuwa ukolevu ni hafifu, mkono uliozoea kijiko kimoja huongeza cha pili, na kwa kuwa mpishi anaamini anachoongeza ni “dawa ya presha”, hamwonei mgonjwa huruma ambayo angemwonea kwa chumvi ya kawaida. Wengine huongeza sukari kidogo ili kufuta uchungu, na hapo hupotea hata onyo ambalo ulimi ungelitoa.

Hatua ya pili: soma vidonge kabla ya kusoma kopo

Kwa mtu mzima mwenye figo zinazofanya kazi vizuri, kubadilisha sehemu ya sodiamu kwa potasiamu kuna faida iliyothibitishwa. Utafiti mkubwa uliofanyika katika vijiji 600 vya China na kutangazwa mwaka 2021 ulihusisha watu karibu 21,000, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi na wengine wakiwa na umri wa miaka 60 au zaidi wenye presha isiyodhibitiwa. Wale waliopewa mchanganyiko wa robo tatu chumvi ya kawaida na robo moja kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14 kuliko waliobaki na chumvi yao. Lakini watu wenye ugonjwa mkubwa wa figo na wanaotumia dawa za kukojoa zinazohifadhi potasiamu hawakupaswa kuingizwa katika utafiti huo tangu mwanzo. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaofuata mpaka huo huo: mbadala huo unapendekezwa, kwa tahadhari, kwa watu wazima wanaopika nyumbani, na pendekezo haliwahusu watoto, wajawazito, wala wenye figo dhaifu au hali nyingine inayozuia potasiamu kutoka mwilini. Kwa hiyo matokeo mazuri ya China hayawezi kuhamishiwa kwa mgonjwa ambaye hata hakupimwa humo.

Ili kujua kama wewe umo ndani ya mpaka au nje yake, ni lazima kuelewa mlango mmoja. Karibu potasiamu yote tunayokula hutolewa na figo, na katika sehemu ya mwisho ya mirija ya figo kazi hiyo huamriwa na homoni iitwayo aldosteroni. Aldosteroni ikiwa nyingi, mlango hufunguka na potasiamu hutoka kwenye mkojo. Ikipungua, mlango hurudishwa. Sasa, dawa zinazomlinda mgonjwa wa moyo uliopanuka au wa presha hufanya kazi kwa kuigusa homoni hiyo hiyo. Dawa ambazo majina yake kwenye boksi huishia na -pril, kama enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, na zile zinazoishia na -sartan, kama losartani na telmisartani, hupunguza aldosteroni inayotengenezwa. Spironolaktoni huizuia ile iliyokwisha kutengenezwa isifanye kazi. Amiloridi, ambayo mara nyingi hufungwa katika kidonge kimoja na dawa nyingine ya kukojoa, huuziba mlango wenyewe. Dawa hizi ni nzuri na mgonjwa asiziache kwa sababu ya makala haya. Asichopaswa kufanya ni kumimina potasiamu kwa kijiko katika nyumba ambayo mlango wa kutokea umerudishwa kwa makusudi.

Kuna dawa mbili nyingine ambazo hakuna anayezihesabu kuwa za presha. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mtu wa magoti mabovu hununua diklofenaki duka la dawa bila kumwambia daktari wake wa moyo. Septrini, ambayo watu wanaoishi na virusi vya ukimwi huitumia kwa muda mrefu ili kujikinga na maambukizi, ndani yake ina kiambato kinachoziba mlango wa potasiamu kwa namna ileile ya amiloridi. Basi weka vidonge vyote mezani, vya hospitali na vya dukani, kabla ya kuamua lolote kuhusu kopo. Ukikuta hata kimoja katika hivi nilivyovitaja, kopo lisifunguliwe mpaka daktari au mfamasia aseme, na ukikuta viwili kwa pamoja, au kimoja na ugonjwa wa figo, jibu ni hapana.

Furosemidi, kidonge cha kukojoa ambacho wagonjwa wa moyo wengi wamekizoea, huwachanganya watu hapa, kwa sababu hicho hupoteza potasiamu. Wengine hujiambia kwamba kimoja kinatoa na kingine kinazuia, kwa hiyo mambo yanalingana. Wakati mwingine yanalingana kweli, lakini uzani huo haupimwi kwa kichwa.

Hatua ya tatu: pima damu kwanza

Vipimo viwili vinatosha kuanzia, na hospitali ya mkoa au kituo kikubwa huvifanya: kreatinini, ambayo hukokotolewa kuwa namba ya uwezo wa figo inayoandikwa eGFR, na potasiamu katika damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na potasiamu kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita, ingawa maabara huweza kutofautiana kidogo. Uwezo wa figo ulio chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi ni ugonjwa sugu wa figo, hata kama mgonjwa anakojoa vizuri, kwa maana wingi wa mkojo hausemi chochote kuhusu potasiamu iliyomo. Hili hurudiwa mara nyingi kliniki na bado watu hutoka wakiamini kwamba figo zinazokojoa ni figo nzima.

Namba ya potasiamu nayo inaweza kudanganya. Mpira ukifungwa mkono kwa nguvu na kwa muda mrefu, mgonjwa akiambiwa akunje ngumi mara nyingi, au chupa ya damu ikitikisika kwenye pikipiki kutoka zahanati ya mbali hadi maabara ya mjini, misuli ya mkono au chembe nyekundu zilizopasuka humwaga potasiamu yake ndani ya damu inayopimwa. Potasiamu iliyo juu kwa mtu asiye na sababu yoyote hurudiwa kupimwa. Kwa mtu mwenye figo dhaifu na vidonge vya aina ile, hurudiwa pia, ila siku hiyo hiyo na akiwa amekaa hospitalini.

Mfano wa mama mmoja, kijiko kwa kijiko

Tuchukue mama wa miaka 62 anayeishi Kikuyu hapa Dodoma, mwenye kilo 60, kisukari, na moyo uliopanuka. Anameza enalaprili asubuhi na jioni, spironolaktoni miligramu 25, na dawa za sukari. Kipimo chake cha miezi mitatu iliyopita kilionyesha uwezo wa figo wa 41 na potasiamu ya 4.8, yaani bado ndani ya mpaka lakini karibu na ukingo. Mwanawe anamletea kopo lenye gramu 34 za potasiamu kwa kila gramu 100.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 6 hivi za chumvi hii. Zidisha 6 kwa 34, kisha gawanya kwa 100, utapata gramu 2.04 za potasiamu, sawa na ndizi mbivu tano za ukubwa wa kati. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake imeanza kupanda mara nyingi hushauriwa asizidishe gramu mbili hadi tatu kwa siku kutoka kwenye vyakula vyote, na mama huyu amekwisha kuzifikia kabla ya kuhesabu mboga wala tunda lolote.

Kuna njia nyingine ya kuitazama namba hiyo, nayo ndiyo iliyonishtua mimi nilipoihesabu mara ya kwanza. Karibu potasiamu yote ya mwili, asilimia 98, imefungiwa ndani ya seli. Ile iliyo nje, ambayo ndiyo moyo unaihisi, kwa mama wa kilo 60 ni takribani gramu mbili tu. Kijiko kimoja basi kinabeba kiasi kinacholingana na potasiamu yote iliyo nje ya seli zake. Mtu mzima wa afya hanusuriki kwa bahati: insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli baada ya mlo, kisha figo huitoa taratibu. Mama huyu ana upungufu katika kazi ya insulini kwa sababu ya kisukari, figo zake zimepungua nguvu, na dawa zake mbili zimeurudisha mlango. Ulinzi wote uko dhaifu kwa wakati mmoja.

Wiki ya kwanza mchuzi ulimwonekea haujakolea, akaanza kujaza kijiko mpaka kikawa na kilima, kama gramu 9, yaani potasiamu ya gramu 3 kwa siku. Wiki ya pili magoti yakamsumbua na akanunua diklofenaki. Siku ya kumi na mbili alishindwa kupanda ngazi ya daladala. Miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mawe, na midomo ilikuwa na ganzi. Hospitalini potasiamu ilikuwa 6.7, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi marefu yaliyochongoka. Akichelewa zaidi, mawimbi hayo hupanuka, mapigo hupungua, na moyo unaweza kusimama. Wengi hawapati hata dalili hizo za miguu, kwa kuwa potasiamu hupanda kimya, na mtu anayesubiri kuumwa ndipo aache chumvi hii anaweza kusubiri kitu ambacho hakitakuja kwa taratibu.

Chungu kimoja, watu wengi

Nyumba zetu hupika chungu kimoja. Baba mwenye presha na figo nzima anaweza kuruhusiwa mbadala, na bibi anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki akala sahani ileile. Pika bila chumvi kabisa au kwa chumvi ya kawaida iliyopimwa, kisha anayeruhusiwa ajitilie ya kwake mezani. Kopo la mbadala liandikwe jina lake kwa kalamu nene na lisiwekwe kamwe ndani ya chombo cha chumvi ya kawaida. Hakikisha pia kama kopo limeandikwa kuwa na madini joto, kwa sababu baadhi ya mbadala hayana.

Mgonjwa asiyeruhusiwa hurudi kwenye njia ya zamani ya kupunguza. Kipimo ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa mtu mzima kwa siku, kwa hiyo katika nyumba ya watu wazima watano pakiti ya nusu kilo haipaswi kwisha kabla ya siku ya 20, na vidonge vya supu vikitumika inapaswa kudumu zaidi ya hapo. Punguza robo, kaa nayo wiki mbili mpaka ulimi uzoee, kisha punguza tena. Kwa uchachu tumia ndimu, siki au nyanya kidogo. Hapa kwetu mkono huenda haraka kwenye ubuyu na ukwaju, na kwa mgonjwa wa figo hilo ni kosa, kwani unga wa ubuyu una potasiamu nyingi mno na ukwaju nao haupungukiwi. Magadi ya mlenda, kwa upande wake, ni sodiamu, hivyo huhesabiwa pamoja na chumvi. Maji ya majivu yanayotumiwa badala ya magadi ni kinyume chake, kwa kuwa majivu ya mimea yamejaa potasiamu, nayo ni chumvi mbadala ya asili isiyo na lebo.

Ikiwa mgonjwa amekwisha kuitumia

Acha kopo mara moja, lakini usiache dawa za moyo kwa uamuzi wako. Kama hana dalili, apimwe potasiamu siku hiyo au kesho yake. Kama ana udhaifu wa miguu, ganzi, moyo kwenda mbio au kwenda polepole, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au ana ugonjwa wa figo unaojulikana, apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, si zahanati, hata kama ni usiku. Huko atapewa kalsiamu ya kulinda moyo kwa dakika 30 hadi 60 hivi, kisha insulini pamoja na sukari ya mshipani ili kuirudisha potasiamu ndani ya seli, na ikibidi kusafishwa damu. Akiwa na kuharisha au kutapika, hatari huongezeka, kwa sababu mwili uliokauka huzipa figo damu kidogo, na joto la mwezi Novemba hapa kwetu halisaidii.

Chukua kopo lenyewe uende nalo, pamoja na vidonge vyote ndani ya mfuko mmoja. Mwambie mhudumu ni vijiko vingapi kwa siku na tangu lini. Mgonjwa akiulizwa kama anatumia chumvi atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba aliacha zamani.